Vyombo vya harusi: nilituma 24 Kolwezi, 7 vimefika vipande. Kosa la nani?

Bibi_Katuba · Jumanne, 19:42
Jambo bakubwa. Mdogo wangu ameolewa Kolwezi Jumamosi iliyopita. Mimi niko Lubumbashi, kazi haikuniruhusu kwenda, basi nikamnunulia seti ya vyombo vya udongo: sahani kubwa 6, za mchuzi 6, ndogo 6 na vikombe 6. Dola 180. Juu yake nikaongeza birika. Nilipeleka karto ajansi ya basi siku ya Alhamisi saa kumi na moja jioni, wakaipima, kilo 14, nikalipa, wakanipa risiti. Waliniahidi Ijumaa mchana itakuwa Kolwezi. Imefika Jumamosi saa sita, watu wako tayari kanisani. Shemeji yangu akaichukua mbio mbio, wakaifungua Jumapili mbele ya wageni. Sahani kubwa 5 zimepasuka na vikombe 2 vimekatika mikono.

Ajansi wanasema nilipanga vibaya. Mimi nasema waliitupa. Kwenye risiti kumeandikwa kwamba hawana jukumu kwa vitu vya kuvunjika. Nani ana haki hapa?

Mzee_Kipushi · Jumanne, 19:58
Pole mama. Usihangaike, kila basi lina asiransi, ni lazima kisheria. Bila karatasi hiyo polisi hawaliachi lipite peaji. Mwambie mwenye ajansi afungue faili kwenye asiransi ya basi, watalipa.

Kin_na_Lushi · Jumanne, 20:05
Papa, asiransi ile ni ya basi likigonga mtu. Sahani za Bibi_Katuba hazikugongwa na basi, zilipanda ndani yake.

Mzee_Kipushi · Jumanne, 20:09
Asiransi ni asiransi. Mimi nilishalipwa na SONAS zamani.

Kin_na_Lushi · Jumanne, 20:10
Ulilipwa kwa mzigo au kwa mguu?

Mzee_Kipushi · Jumanne, 20:16
Kwa mguu. Lakini nilikuwa na mzigo pia.

MamaVyombo · Jumanne, 20:31
Nauza vyombo soko la Kenya mwaka wa kumi na moja huu. Vinanifikia kutoka Kasumbalesa juu ya kamiyo, siyo juu ya mito ya kulalia. Dada Katuba, kabla hatujamhukumu mtu, jibu mambo matatu. Karto ilikuwa ile ya duka, yenye picha ya sahani, au nyingine? Sahani kubwa ulizilaza au ulizisimamisha? Na ulipoitikisa karto kabla ya kuipeleka, ulisikia kitu?

Bibi_Katuba · Jumanne, 20:40
Karto ya duka yenyewe, sikutoa kitu, niliongeza tu birika juu, na magazeti pembeni na juu yake. Sahani zilikuwa zimelala, moja juu ya nyingine, kubwa chini. Sikuitikisa, niliogopa zitavunjika.

MamaVyombo · Jumanne, 21:02
Basi nusu ya jibu ni hiyo. Karto yenye picha inatengenezwa ikae kwenye rafu na mteja aibebe mpaka nyumbani. Inapotoka kiwandani huwa imo ndani ya karto nyingine kubwa, nne au sita pamoja, na hiyo ya nje ndiyo inayokula barabara. Wewe umeituma ya ndani peke yake.

Nusu ya pili ni kulaza. Sahani iliyolala ni kama daraja: inashikwa ukingoni, katikati chini yake ni hewa. Gurudumu likiingia shimo, zile za juu zinaibonyeza katikati, inapasuka. Ukiisimamisha kwa ukingo, kama sahani za plastiki kwenye kikapu cha kuoshea, pigo la kutoka chini linapita kwenye upana wote wa sahani. Mimi nafunga kila moja kwa karatasi mbili, nazipanga nne nne kama mkate uliokatwa, nazisimamisha. Chini naweka tabaka la karatasi zilizofinyangwa, upana wa vidole vitatu baada ya kulikandamiza kwa mkono. Pembeni vilevile, juu vilevile. Vikombe navijaza karatasi ndani na mkono wa kikombe naufunga peke yake, maana huo ndio unaokatika kwanza.

Kutikisa ni lazima. Ukisikia kengele, fungua, ongeza. Na usiishie pale inapojaa tu. Gazeti linalala likitikiswa masaa manne. Karto iliyokuwa imejaa Lubumbashi, ikifika Likasi ina nafasi ya ngumi. Mimi najaza mpaka kifuniko kinataka kuinuka kidogo, halafu ndipo napiga skochi.

Dada_wa_Bukavu · Jumanne, 21:15
Mama, magazeti tutayatoa wapi siku hizi? Kwetu tulikuwa tunatumia vikwembe. Nilimtumia mama yangu mkubwa glasi kutoka Bukavu kwenda Goma kwa boti, kila glasi ndani ya kitambaa alichokuwa apewe pia. Zawadi ndani ya zawadi, uzito haukuongezeka bure.

MamaVyombo · Jumanne, 21:19
Nzuri sana, ila kitambaa kipya kinatoa rangi kikilowana.

Dada_wa_Bukavu · Jumanne, 21:24
Hahaha, ndivyo ilivyokuwa! Maji ya ziwa yaliingia, glasi zote salama, kikwembe chekundu kimechora cheupe. Mama mkubwa akasema ni mtindo mpya. Tangu hapo naweka mfuko wa plastiki ndani ya karto kwanza, kila kitu kinaingia ndani ya mfuko, naufunga.

KonvoyeriMstaafu · Jumanne, 21:50
Nimesoma mpaka hapa. Nilifanya kazi ya konvoyeri miaka sita, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, kwenda na kurudi. Niwaambie upande ambao hamwuoni.

Alhamisi saa kumi na moja jioni basi la mwisho limekwenda au limejaa. Karto ililala ajansi. Ijumaa ni siku mbaya kuliko zote, watu wanakwenda wikendi, na abiria mmoja anakuja na mifuko mitatu. Sheria yetu isiyoandikwa ni hii: abiria ana mdomo, koli haina. Nafasi ikikosekana, inayoshushwa ni koli. Inashushwa Likasi, inangoja basi lenye nafasi. Ndiyo maana imefika Jumamosi. Safari yenyewe ni kilomita kama 300, siyo siku mbili.

Sasa hesabu, mama. Imepakiwa Lubumbashi, imeshushwa Likasi, imepakiwa tena Likasi, imeshushwa Kolwezi. Mikono minne badala ya miwili. Sahani hazivunjwi na barabara tu, zinavunjwa na mikono. MamaVyombo anasema kweli juu ya kulaza, lakini karto ile ile kwa basi la Jumanne asubuhi pengine ingefika nzima.

Bibi_Katuba · Jumanne, 21:58
Kumbe Likasi! Hawakuniambia. Waliandika tu "Kolwezi".

Nguvu_Kolwezi · Jumanne, 22:07
Salamu kutoka Kolwezi. Kwa harusi watu siku hizi wanataka enveloppe, siyo sahani. Ungetuma pesa kwa simu, hazivunjiki.

Bibi_Katuba · Jumanne, 22:11
Ndugu, nimeuliza juu ya karto. Hata hivyo pesa nilituma. Dola 50 nilizificha ndani ya birika.

Kin_na_Lushi · Jumanne, 22:12
NDANI YA BIRIKA??

Bibi_Katuba · Jumanne, 22:13
Zimefika zote.

Kin_na_Lushi · Jumanne, 22:15
Dola zimefika, sahani zimekufa. Nchi yetu hii.

KonvoyeriMstaafu · Jumanne, 22:20
Usirudie mama. Pesa ndani ya koli hakuna anayezijibu. Zikipotea huwezi hata kuzitaja.

Wakili_Kijana · Jumatano, 07:35
Habari za asubuhi. Mimi si mwanasheria mkubwa, nimemaliza juzi juzi, lakini jambo hili tulilisoma. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012. OHADA ina sheria ya mkataba wa kubeba mizigo kwa barabara, iliyopitishwa Machi 2003. Basi, nawajibu kwa utaratibu.

Yale maneno ya risiti, "hatuna jukumu", hayana nguvu yanayodhaniwa. Mbebaji anajibu kwa mzigo tangu aupokee mpaka autoe, na sheria inasema maneno ya mkataba yanayoipinga ni bure. Lakini mbebaji anaweza kujitetea akionyesha kwamba upangaji ulikuwa mbaya. Kwa hiyo ajansi hawakusema upuuzi waliposema "ulipanga vibaya", huo ndio mlango wao wa kutokea. Nao mlango una kizuizi: kama ubaya ulikuwa unaonekana kwa macho na wakapokea bila kuandika neno, inakuwa vigumu kuulalamikia baadaye.

Halafu kuna kiasi. Kama hukuandika thamani ya mzigo, fidia haipiti faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo. Kilo 14 ni CFA 70,000, na kwa kuwa euro moja ni CFA 655.957, inakuwa karibu euro 107. Ungeandika thamani ya dola 180 kwenye karatasi ya mzigo na wakaikubali, kipimo cha kilo kingeondoka.

Na jambo la haraka: kwa uharibifu usioonekana kwa nje, barua inatakiwa ndani ya siku 7 tangu kupokea. Shemeji alipokea Jumamosi. Leo Jumatano. Andika kabla ya Jumamosi.

Mzee_Kipushi · Jumatano, 08:02
Kijana amesema vizuri. Ndivyo nilivyosema tangu jana, watalipa.

Wakili_Kijana · Jumatano, 08:10
Papa, kwa heshima, hapana. Asiransi ya lazima ya gari inajibu kwa madhara kwa watu wengine na mali yao nje ya gari. Mzigo uliobebwa ni asiransi nyingine, ya hiari, ambayo mtu anainunua kwa makusudi. Wala siyo SONAS peke yake tena, sheria ya Machi 2015 ilifungulia makampuni mengine. Lakini sijaona ajansi ya basi inayokuuzia asiransi ya karto moja dirishani. Wanachokiita asiransi ni mara nyingi kuandika thamani na kulipa nyongeza.

MamaVyombo · Jumatano, 08:26
Na hapo ndipo watu wanajikata wenyewe. Dirishani wanakuuliza "thamani?", unasema "dola 20" ili ulipe kidogo. Ikivunjika unakumbuka ilikuwa 180. Mimi kwa kamiyo yangu naandika bei ya kweli na naambatanisha fakitire.

Kin_na_Lushi · Jumatano, 08:40
Wakili, swali. Zimevunjika 7, hazikuvunjika 24. Ile 5,000 inazidishwa na kilo 14 zote au na kilo za zilizovunjika? Sahani 5 kubwa na vikombe 2 ni kama kilo 4. Mara 5,000 ni CFA 20,000, euro 30 na kitu.

Wakili_Kijana · Jumatano, 09:14
Swali zuri na nitakuwa mwongo nikikupa jibu moja. Mwenye mzigo atasema seti ni kitu kimoja, huwezi kumwalika mtu akale kwenye sahani moja kubwa, kwa hiyo kilo 14. Mbebaji atasema ameharibu kilo 4. Mimi ningeanza na 14 kwenye barua.

KonvoyeriMstaafu · Jumatano, 09:30
Barua zenu nzuri. Lakini kwa euro 30 nani atakwenda tribunali? Katika miaka yangu sita niliona watu wanalipwa kwa njia moja: mtu anakuja na karto yenyewe, anaiweka mezani mbele ya abiria wengine, anaongea polepole. Mkuu wa ajansi anachoka kutazamwa, anatoa kitu. Hata koli ya bure safari ijayo.

Wakili_Kijana · Jumatano, 09:33
Barua kwanza, karto mezani baadaye. Karto iko wapi, Bibi_Katuba?

Bibi_Katuba · Jumatano, 12:05
Nimempigia shemeji. Karto walimpa jirani. Lakini kuna picha walizopiga Jumapili kabla ya kufungua, na moja ya vipande. Nawasimulia: pembe moja ya chini imeingia ndani, kama imebonyezwa kwa goti. Upande mmoja una tumbo limetoka nje. Na juu kuna skochi ya kahawia. Mimi nilitumia skochi nyeupe, ya kuonekana. Nimeangalia mara tatu.

Kin_na_Lushi · Jumatano, 12:08
Karto ilifunguliwa!

MamaVyombo · Jumatano, 12:30
Ngoja. Pembe iliyoingia ndani ni kuanguka. Karto ikianguka haianguki kama meza, inatangulia pembe. Tumbo kutoka nje ni kitu kizito juu, gunia la unga au la makaa. Kama nje ingekuwa nzima kabisa na ndani vipande, ningesema ni mtikisiko na kupanga vibaya, basi. Hapa vyote vitatu vipo. Swali dogo: sahani 5 zilipasuka kutoka katikati au zilikatika ukingoni?

Bibi_Katuba · Jumatano, 12:41
Nne zimepasuka nusu kwa nusu, kama mkate. Moja ya chini kabisa imekatika ukingo, na kipande kiko upande wa ile pembe.

MamaVyombo · Jumatano, 12:49
Basi moja ni ya kuanguka na nne ni za kubonyezwa zikiwa zimelala. Namna ninavyoona mimi. Mngezisimamisha, mngepoteza ile moja na labda kikombe.

KonvoyeriMstaafu · Jumatano, 13:10
Mama anasoma vipande kama daktari. Lakini sikubali kwamba nne ni za kupanga. Gunia la kilo 50 juu ya karto ya duka litavunja hata zilizosimama. Karto ya kwanza kuingia chini ya basi ndiyo inasukumwa nyuma, na mizigo ya abiria inakuja juu yake. Hapo ndipo watu hawaelewi: wanawahi alfajiri ili koli isiachwe, halafu kwa kuwahi inakuwa ya chini kabisa.

Dada_wa_Bukavu · Jumatano, 13:22
Sasa ufanyeje? Ukichelewa inaachwa, ukiwahi inakaliwa.

KonvoyeriMstaafu · Jumatano, 13:40
Unawahi kuandikisha, lakini unaomba ipakiwe mwisho, na unasimama hapo mpaka uone. Jumanne au Jumatano, basi la kwanza. Au unanunua kiti. Ndiyo, kiti. Karto ya sahani ikae kitini karibu na konvoyeri, imefungwa kamba. Kwa vyombo vya dola 180, bei ya kiti si kitu. Harusi ikiwa Jumamosi, mzigo uwe umefika Jumatano jioni, ili ukiachwa Likasi bado una siku mbili. Na masika yakiwa makali ongeza siku nyingine. Kuanzia Novemba mpaka Aprili kamiyo moja ikikwama njiani, sisi wote nyuma yake tunalala.

Juu ya skochi ya kahawia: inawezekana kabisa ni ajansi ya Likasi. Karto ikipasuka, tunaifunga tena kwa skochi tuliyonayo ili vitu visimwagike. Siyo lazima wizi.

Kin_na_Lushi · Jumatano, 13:44
Au waliifungua peaji kutafuta kitu, wakarudisha.

Nguvu_Kolwezi · Jumatano, 13:51
Au shemeji aliifungua Jumamosi, akaiona, akaogopa, akaifunga, akangoja Jumapili ionekane mbele ya wageni.

Bibi_Katuba · Jumatano, 13:53
Nguvu_Kolwezi, muache shemeji yangu.

MamaVyombo · Jumatano, 13:59
Kama ilifunguliwa Likasi na kufungwa tena, karatasi za juu zingerudishwa? Mtu mwenye haraka anazitupa. Hapo sahani zinaanza kucheza kutoka Likasi mpaka Kolwezi. Dada, muulize shemeji kama magazeti ya juu ya birika yalikuwepo.

Bibi_Katuba · Jumatano, 18:20
Shemeji anasema hakumbuki gazeti lolote juu. Mdogo wangu anasema lilikuwepo moja. Hawajaoana wiki moja, tayari hawakubaliani.

Kin_na_Lushi · Jumatano, 18:47
Mimi nilikimbilia ndege nikidhani ni salama zaidi. Nilimtumia binti yangu Kinshasa dubu wa kuchezea, mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Uzito kilo 4. Nikaenda na pesa za kilo 4. Dirishani wakapima karto kwa mita: sentimita 60, 50 na 40. Wakazidisha, wakagawa kwa 6,000, wakaniambia kilo 20. Nililipia hewa kilo 16!

Wakili_Kijana · Jumatano, 18:55
Ni kawaida ya mizigo ya ndege. Wale wa kurieri ya haraka mara nyingi wanagawa kwa 5,000, ungelipa 24.

Kin_na_Lushi · Jumatano, 18:58
Na ndani ya tumbo la dubu niliweka pawabenki ya mama yake, wakaitoa. Wanasema betri ya litiamu ya peke yake haipandi kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Nilidhani wananiomba kitu.

Dada_wa_Bukavu · Jumatano, 19:06
Hawakukuomba kitu, hiyo ni kweli. Pawabenki inabebwa na abiria mkononi.

Mzee_Kipushi · Jumatano, 19:15
Dubu alifika saa ngapi?

Kin_na_Lushi · Jumatano, 19:21
Walisema "njoo saa nane". Mke wangu alienda, wakamwambia bado. Akanipigia anapiga kelele, mimi huku ni saa nane na nusu, yeye kule ni saa saba na nusu. Tuliishi miaka tisa kwenye ndoa tukisahau kwamba Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa.

KonvoyeriMstaafu · Jumatano, 19:25
Ndiyo maana nimekaa na barabara. Kolwezi saa ni ile ile.

Wakili_Kijana · Alhamisi, 08:12
Bibi_Katuba, nimekutumia mfano wa barua sandukuni. Mfupi tu: tarehe ya kukabidhi, namba ya risiti, kilo 14, tarehe ya kupokea, vipande 7 na vilivyo, picha tatu, kiasi unachoomba. Usiandike "mliitupa", hukuiona ikitupwa. Andika "mliipokea nzima, imefika pembe imeingia ndani na skochi si yangu". Nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea. Wakikataa muhuri, peleka na shahidi.

MamaVyombo · Alhamisi, 08:30
Na kama utanunua nyingine za kujazia, njoo kwangu kabla hujazirudishia karto ya picha.

Mzee_Kipushi · Alhamisi, 08:41
Mimi bado nasema aulize asiransi ya basi. Kuuliza si kosa.

Bibi_Katuba · Ijumaa, 17:33
Aksanti wote. Barua imepelekwa leo mchana, muhuri upo. Mkuu wa ajansi ameisoma mara mbili, akauliza nani ameniandikia. Amesema Likasi wanakubali walibadilisha skochi "kwa sababu karto ilikuwa inafunguka", lakini hawakubali kwamba iliangukia kwao. Wanasema ilitoka Lubumbashi hivyo. Watu wa Lubumbashi wanasema ilitoka kwangu hivyo. Amenipa ahadi ya dola 40 au koli tatu za bure, nichague Jumatatu.

Na karto imeonekana. Jirani wa mdogo wangu amewawekea kuku wake watotoe ndani yake. Pembe bado imeingia ndani, ila sasa kuku amekalia mayai na hataki kuinuka kwa picha.

KonvoyeriMstaafu · Ijumaa, 17:40
Chukua dola 40. Koli tatu za bure zitalala Likasi.

MamaVyombo · Ijumaa, 17:52
Kama mayai hayajavunjika, kuku anajua kupanga kuliko sisi.

Nguvu_Kolwezi · Ijumaa, 18:03
Huyo kuku ni wa mtaa gani? Naweza kwenda kupiga picha, niko karibu.